Bibi Salim ni Nani? Kadi ya Mwaliko Baina ya Kiingereza na Kiswahili

Nilipata kuombwa na familia moja ya Tanga niwafasirie kadi ya harusi. Kadi ilikwisha andikwa kwa Kiingereza na kijana wao aliyekuwa akisoma ng'ambo, nao walitaka nakala ya Kiswahili kwa ajili ya wazee na jamaa wa mjini. Niliiona kazi nyepesi. Maneno yenyewe hayakuzidi sitini, na kila mtu amekwisha kuona kadi za aina hiyo. Nikaifasiri jioni moja, nikaipeleka asubuhi.

Mama wa bibi harusi alikuwa ukumbini akichambua mchele. Nilimwamkia, nikampa karatasi. Akasoma mstari wa kwanza, akanyamaza, akausoma tena.

"Mwanangu, huyu Bibi Salim Abdalla ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Salim ni mume wangu. Mimi baba yangu ni Hamisi, na jina langu ni Mwanaidi. Hapa sikuitwa."

Nilijaribu kueleza kwamba ndivyo kadi ya Kiingereza isemavyo. Akanijibu bila hasira kwamba kadi ya Kiingereza haimzai yeye. Mumewe, aliyekuwa kibarazani akisikiliza, akacheka, kisha naye akaongeza lake: mwanamume atakayemwoa binti yake ameandikwa kwa jina na shahada tu, kama mtu asiye na baba. Nikaichukua karatasi yangu nikarudi nayo. (Majina yote ya familia hii nimeyabadilisha, ila mpangilio wake nimeuacha ulivyokuwa, kwa kuwa mpangilio ndio habari yenyewe.)

Tangu siku ile nimekuwa nikiitazama kadi ya mwaliko kama mahali ambapo desturi mbili za kuandikiana zimekutana bila kujuana. Asiyezijua zote mbili hufasiri maneno sawasawa na bado akawakosea watu.

Tuanze na desturi yetu. Waraka wa Kiswahili wa zamani, ulioandikwa kwa hati za Kiarabu, ulikuwa na mlango wake maalumu. Mwaka 1892 Mjerumani Büttner alichapa mkusanyiko wa nyaraka za namna hiyo, na anayezisoma huona mara moja kwamba hazitofautiani sana katika ufunguzi. Kwanza hutajwa anayeandikiwa. Hutanguliwa na maneno ya Kiarabu yenye maana ya "kwa hadhara ya", zikafuata sifa zake, kwamba ni mpenzi, ni mkarimu, ni mwenye heshima. Kisha likaja jina lake, jina la baba yake, na nasaba au kabila lake. Kisha dua kwamba Mungu amsalimishe. Baada ya salamu ndipo hufika neno "wa baada" au "ama baada", na hapo ndipo shauri lenyewe linapoanza. Mwandishi hujitaja mwisho kabisa, chini, kwa unyenyekevu, pengine kwa maneno machache tu: mpenzi wako, fulani bin fulani. Anayeandikiwa yuko juu. Anayeandika yuko mlangoni, viatu mkononi.

Kadi ya Kiingereza imesimama kinyume cha hayo. Mwenye shughuli ndiye anayetajwa kwanza, juu, kwa herufi zilizonakshiwa. Mwalikwa hana hata jina: ameachiwa mstari wa nukta, na jina lake hujazwa baadaye kwa kalamu. Kwa jicho la mtu aliyelelewa na waraka, jambo hilo ni kama kumpokea mgeni huku umempa mgongo. Sisemi kwamba Waingereza hawana adabu. Heshima yao imewekwa mahali pengine, katika ubora wa karatasi, katika kuandika majina kwa ukamilifu, na katika kujizuia kusema "mimi" na "wewe". Kadi yote husemwa kwa nafsi ya tatu: fulani na mkewe wanaomba, si sisi tunaomba; furaha ya kuwa na fulani, si furaha ya kuwa nawe.

Hiyo nafsi ya tatu ndiyo iliyonipa ufunguo, kwa sababu na sisi tunayo. Mwaliko wa harusi pwani kwa asili ulikuwa wa mdomo. Hutumwa mtu, akabisha hodi, akakaribishwa, akasalimu, kisha akasema: fulani anakusalimu sana, anakuarifu kwamba siku fulani ana shughuli ya kumwoza mwanawe, na anakualika. Msikilize huyo mjumbe. Mwenye shughuli amemtaja kwa nafsi ya tatu, maana hayupo pale. Lakini mwalikwa yuko mbele yake, naye anamwambia "anakualika". Kwa hiyo mwenyeji yu katika nafsi ya tatu na mgeni yu katika nafsi ya pili. Kadi ya Kiingereza huwaweka wote wawili katika nafsi ya tatu, kana kwamba mjumbe anasoma tangazo ukutani wala hamwoni mtu aliyefungua mlango.

Tofauti hiyo yaonekana ndogo hadi pale inapoingia ndani ya kitenzi. Anayefuata Kiingereza ataandika kwamba fulani na mkewe "wanaomba furaha ya kumwalika Bw. ........." na mistari mitatu baadaye, penye ombi la jibu, ataandika "thibitisha kufika kwako". Mgeni ameanza kadi akiwa "yeye" na ameimaliza akiwa "wewe". Msomaji huenda asiweze kusema kilichomkwaza, ila atahisi kuwa kadi haikuandikwa na mtu mmoja. Tiba yake ni kumfuata yule mjumbe: "wanakualika Bw. ........." Hapo jina la mgeni huwa ni wito, kama mtu anayeitwa kwa jina lake mlangoni, na kila kitu baadaye huendelea katika "wewe" bila kugeuka. Kadi ikiwa ya watu wawili, kiambishi nacho hubadilika, "wanawaalika". Nimeona kadi nyingi zenye "wanakualika Bw. na Bi.", na kila mara najiuliza ni nani kati yao aliyealikwa.

Kadi nyingi za Tanzania leo zimekwisha kufika hapo zenyewe. Husema kwamba familia ya fulani wa mahali fulani "inayo furaha kukualika", kisha mstari wa nukta. Wapo wanaoukataa msemo wa "inayo furaha" kwa kuwa una harufu ya kigeni. Harufu ipo, ila umekaa nasi muda mrefu, umekuwa wa nyumbani. Usichoweza kukivumilia ni "wanaomba furaha ya uandamani wako", ambao ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mimi hupenda "kwa heshima na taadhima wanakualika", kwani maneno hayo mawili ya heshima hurudisha juu kidogo ile sifa ya mgeni ambayo waraka ulikuwa ukiitanguliza.

Sasa nirejee kwa Bi. Mwanaidi na lile swali lake.

Desturi ya kumwita mke kwa jina lote la mumewe, jina la kwanza na la ukoo, si ya kale sana hata huko Uingereza. Zamani neno lao la heshima kwa mwanamke lilimhusu mwanamke mwenye hadhi, awe ameolewa au hajaolewa. Ni kuelekea mwanzo wa karne ya 19 ndipo mtindo wa kulibandika mbele ya jina zima la mume ulipoenea, kwanza miongoni mwa watu wa tabaka la juu. Sheria yao ilikuwa imekwisha kuandaa njia. Mwanasheria Blackstone, katika kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1765, alieleza kwamba mume na mke huhesabiwa mtu mmoja mbele ya sheria, na mtu huyo mmoja alikuwa ndiye mume. Kadi imeihifadhi sheria hiyo hata baada ya sheria yenyewe kuondoka.

Pwani ya Waswahili haikupata kuwa na jambo hilo. Mwanamke wa Kiislamu huolewa na jina la baba yake na hufa nalo. Siti binti Saad aliolewa, na hakuna ndoa iliyomwondolea Saad. Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, alipoolewa na Mjerumani ndipo alipokuwa Emily Ruete, na kubadili jina huko kulikwenda pamoja na kubadili dini na nchi. Kwa hiyo mfasiri anapoandika "Bw. na Bi. Salim Abdalla" kwa watu wa Tanga, anamhamisha mama wa watu kutoka kwa baba yake bila ya kumwuliza. Bara, na hasa kwa familia za Kikristo, mambo ni mengine: wapo wanawake wengi wanaotumia jina la mume kwa ridhaa yao, na kuwaandikia jina la baba kungekuwa kosa lile lile kwa upande wa pili. Hapa hakuna kanuni ya kukariri. Humwulizi mwenye kadi maana ya neno, humwuliza, "Mama mwenyewe huandikwaje?"

Kosa la pili, lile la baba wa bwana harusi, latokana na kudhani kuwa jina la mwisho ni jina la ukoo. Kwetu, mara nyingi jina la mwisho ni mtu. Mshairi wetu mkubwa Shaaban Robert alikuwa Shaaban mwana wa Robert. Maktaba za Ulaya humpanga chini ya Robert, na si kosa kubwa, kitabu lazima kiwekwe mahali. Lakini katika mwaliko, ukiandika "Bw. Robert" umemwita baba yake. Ndiyo maana katika Kiswahili heshima hufungamana na jina la kwanza: Bw. Shaaban, Bi. Mwanaidi, Sheikh Ahmed. Kadi ikilazimika kufupisha, ifupishe upande wa mwisho, isifupishe wa mwanzo. Ndugu zetu Wakalenjini wa Kenya wana "arap", lenye kazi kama ya "bin" yetu: Daniel arap Moi ni Daniel mwana wa Moi, na neno hilo huandikwa kwa herufi ndogo kama "bin", si jina la katikati la kukatwa herufi moja na kuwekewa nukta.

Kisha kuna vyeo ambavyo vimegeuka majina. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapwa mwaka 1903, ana cheo ndani ya jina la baba yake: mwinyi ni mwenye mji, mwenye mali, mtu wa daraja. Kwa Rais Ali Hassan Mwinyi neno hilo hilo ni jina tu. Siti nalo lilikuwa neno la heshima kwa bibi mtukufu, na mwimbaji wetu, aliyezaliwa akiitwa Mtumwa, alivishwa likawa jina lake. Anayepeleka majina haya katika Kiingereza hushawishika kuyafasiri. Anayeyarudisha kutoka Kiingereza hushawishika kuyadondosha akidhani ni mapambo. Katika kadi yangu ile kulikuwa na "Sayyid" mbele ya jina la marehemu baba wa bwana harusi. Kijana mwandishi alilifasiri kwa neno la Kiingereza la kawaida analoitwa kila mwanamume, nami nikalirudisha kuwa "Bwana". Hivyo katika safari ya kwenda na kurudi mzee akavuliwa kilemba. Kwa masharifu wenye asili ya Hadhramaut, Sayyid huonyesha kizazi cha Mtume. Kwa Mabusaidi wa Unguja lilikuwa cheo cha kifalme, ingawa wao hawakudai kizazi hicho. Na kwa mtu mwingine yeyote laweza kuwa jina alilopewa na mama yake. Neno lenyewe halikuambii ni lipi kati ya hayo. Familia ndiyo inayokuambia.

Iwapo kadi yetu ingechapwa mwaka 1975, hata "Bwana" ingekuwa mashaka. Neno hilo lilikuwa limebeba mzigo wa enzi ya ukoloni, lilipokuwa la kumwitia mkuu wa wilaya na mwenye shamba. Wanachama wa TANU waliitana "Ndugu", na baada ya Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, Tanzania nzima ikaenea neno hilo, kwa waziri na kwa tarishi. Lilikuwa na uzuri mmoja ambao mfasiri wa kadi huutamani: halikuuliza jinsia wala kuolewa, na mstari wa nukta haukuhitaji "Bw./Bi." Katika miaka ya 1990, siasa ya vyama vingi ilipoingia, "Mheshimiwa" likatawala tena kwa viongozi, na "Ndugu" likarudi zaidi vikaoni mwa chama. Kenya ilikuwa na njia yake, na enzi ya Moi redio ilimtaja "Mtukufu Rais". Kwa hiyo anayefasiri hati ya Kiingereza ya Dar es Salaam ya mwaka 1975 kwa ajili ya kitabu cha historia, akaandika "Mheshimiwa" na "Bwana" kila mahali, ameipa hati hiyo mavazi ya miaka ishirini baadaye, na asiyejua atamwamini.

Kwa vyeo vya leo, mpangilio wa Tanzania ni huu: cheo cha heshima kwanza, kisha cha elimu, kisha jina zima, na wadhifa hufuata baada ya mkato. Mhe. Prof. fulani, Waziri wa jambo fulani. Kiingereza pia hurundika hivyo, lakini kina desturi ya kumtaja mkubwa kwa wadhifa na mke kwa jina la mume: Rais na Bibi fulani. Kiswahili cha watu kilikwisha kuamua zamani, kikasema Mama Maria Nyerere, Mama Fatma Karume, jina la mama mwenyewe likiwa limesimama wima katikati. Na anayeitwa na Waingereza mgeni wa heshima, kwetu ni mgeni rasmi. Wageni wote ni wa heshima, huyo mmoja ndiye rasmi.

Basi kadi yangu niliiandika upya. Mstari wa kwanza nikaweka "Bw. Salim bin Abdalla na mkewe, Bi. Mwanaidi binti Hamisi, wa Ngamiani, Tanga". Nikatumia "Bi." kwa kuwa hutosha kwa aliyeolewa na asiyeolewa, ilhali "Bibi" kwa ukamilifu wake bara huweza kumfanya mama akawa nyanya. Wa pili: "kwa heshima na taadhima wanakualika", na chini yake mstari wa nukta. Kisha: "katika ndoa ya binti yao, Zuhura, na Dkt. Yusuf bin Omar, mwana wa marehemu Sayyid Omar bin Ahmed na Bi. Fatma binti Ali". Wazazi wa bwana harusi hawakuwamo katika Kiingereza, kwa sababu kadi ya Kiingereza kwa desturi ni ya wazazi wa bibi harusi peke yao. Niliomba ruhusa nikawaingiza, maana ndoa hapa ni ya nyumba mbili. "Marehemu" nililitanguliza mbele ya cheo. "Hayati" sikulitumia, kwa kuwa mazoea yamelitenga kwa viongozi wa taifa, na mzee Omar alikuwa mfanyabiashara wa mnazi. Saa nne ya alasiri ya Kiingereza ikawa saa kumi alasiri. Herufi zile nne za Kifaransa ambazo Waingereza huziweka chini kuomba jibu nilizibadilisha kuwa "Tafadhali tujulishe kama utafika", ambalo ndilo swali la yule mjumbe kabla hajaaga.

Bi. Mwanaidi aliisoma mara mbili. Mstari wa kwanza ulimridhisha. Akashuka hadi kwenye nukta, akauliza kwa nini mgeni asitangulie. Nikamwambia kwamba nilipenda iwe hivyo, ila mchapaji amekwisha kutengeneza umbo la kadi na majina ya wenyeji yako juu. Akafikiri kidogo.

"Basi jina la mgeni tutaliandika kwa mkono, kwa kalamu nzuri, kubwa kuliko letu," akasema, na akamtuma mjukuu akamtafutie kalamu.